Namba Zilezile, Miti Tofauti

Chukua namba saba: 10, 25, 32, 40, 50, 60 na 75. Ipe programu ya kompyuta izihifadhi kwenye mti wa utafutaji wa binari, ukianza na 40, kisha 25, 60, 10, 32, 50 na 75. Utapata mti wenye ngazi tatu. Sasa ipe programu hiyohiyo namba hizohizo kuanzia ndogo hadi kubwa. Utapata ngazi saba, kila moja ikiwa na namba moja. Namba hazikubadilika, wala kanuni ya kuziweka haikubadilika. Kilichobadilika ni zamu ya kuingia.

Katika mtihani wa miundo ya data, mti huu huulizwa kwa sura tatu: ingiza namba hizi uchore mti, andika mpangilio wa namba unapoupitia mti, kisha eleza jinsi mti unavyosawazishwa. Wanafunzi wengi huzisoma kama mada tatu zisizohusiana. Lakini zote zinatoka kwenye jambo moja: mti una mpangilio wa namba na una umbo, na vitu hivi viwili havitegemeani. Mpangilio ni uleule siku zote, ila umbo linaweza kuwa zuri au baya.

Kanuni ya kuingia

Kila mahali panapokaa namba kwenye mti huitwa nodi. Nodi ya juu kabisa ndiyo mzizi. Chini ya nodi kunaweza kuwa na watoto wawili, wa kushoto na wa kulia, au mmoja, au asiwepo hata mmoja. Nodi isiyo na mtoto ni jani. Sharti ni hili: namba zote zilizo upande wa kushoto wa nodi ni ndogo kuliko namba yake, na zote zilizo upande wa kulia ni kubwa kuliko namba yake.

Neno la kulizingatia hapo ni “zote”. Sharti halimhusu mtoto na mzazi wake peke yao, linahusu ukoo mzima ulio chini ya nodi. Tutaona punde jinsi kulisahau neno hilo kunavyozaa kosa.

Namba mpya huingilia mzizini. Ikiwa ni ndogo kuliko namba iliyopo, hushuka kushoto; ikiwa ni kubwa, hushuka kulia. Huendelea hivyo hadi ifike mahali patupu, na hapo ndipo inapokaa. Haimwondoi mtu wala haijipenyezi katikati: namba mpya daima huingia ikiwa jani. Tukifuata zamu yetu ya kwanza, 40 inakuwa mzizi. 25 ni ndogo, inakwenda kushoto. 60 inakwenda kulia. 10 inashuka kushoto mara mbili. 32 ni ndogo kuliko 40 lakini ni kubwa kuliko 25, kwa hiyo inakaa kulia kwa 25. 50 na 75 zinagawana pande mbili za 60.

```
        40
      /    \
    25      60
   /  \    /  \
  10  32  50   75
```

Ukitaka kuongeza 36, inalinganishwa na 40, inashuka kushoto. Inalinganishwa na 25, inashuka kulia. Inalinganishwa na 32, inakaa kulia kwake. Ulinganisho mara tatu, kazi imekwisha. Kutafuta namba kunafuata njia hiyohiyo: ukifika mahali patupu kabla hujaiona unayoitafuta, basi haimo. Hakuna haja ya kuangalia kwingine, kwa sababu kama ingekuwemo, ingekuwa imepita njia hiyo.

Katika lugha ya Python, ukishatengeneza darasa `Nodi` lenye `namba`, `kushoto` na `kulia`, uingizaji ni mistari michache:

```python
def ingiza(nodi, namba):
    if nodi is None:
        return Nodi(namba)
    if namba < nodi.namba:
        nodi.kushoto = ingiza(nodi.kushoto, namba)
    elif namba > nodi.namba:
        nodi.kulia = ingiza(nodi.kulia, namba)
    return nodi
```

Kosa la kawaida hapa ni kuandika `ingiza(nodi.kushoto, namba)` bila `nodi.kushoto =` mbele yake. Nodi mpya inatengenezwa kweli, lakini hakuna mzazi anayeishika, na inapotea. Programu hailalamiki. Dalili yake ni kwamba umeingiza namba saba, na unapochapisha mti unaona mzizi peke yake. Angalia pia kwamba namba inayolingana na iliyopo haiingizwi mara ya pili. Mwalimu anayetaka namba zinazojirudia lazima aseme ziende upande gani.

Njia tatu za kuupitia mti

Kuupitia mti ni kuitembelea kila nodi mara moja. Tofauti ya njia tatu zinazoulizwa sana ni wakati gani unaiandika nodi uliyosimama juu yake. Katika mpitio wa awali unaiandika nodi kwanza, kisha unaingia kushoto, kisha kulia. Katika mpitio wa kati unamaliza upande wote wa kushoto, unaiandika nodi, kisha unaingia kulia. Katika mpitio wa mwisho unamaliza kushoto na kulia ndipo unaiandika nodi. Kushoto hutangulia kulia katika njia zote tatu.

Kwa mti wetu, mpitio wa awali unatoa 40, 25, 10, 32, 60, 50, 75. Mpitio wa kati unatoa 10, 25, 32, 40, 50, 60, 75. Mpitio wa mwisho unatoa 10, 32, 25, 50, 75, 60, 40. Bila kuchora chochote, unaweza kukagua jibu lako: katika mpitio wa awali mzizi lazima uwe wa kwanza, katika mpitio wa mwisho lazima uwe wa mwisho, na katika mpitio wa kati namba lazima ziwe zimepanda kutoka ndogo hadi kubwa.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mpitio wa kati unatoa namba zikiwa zimepangwa kwa sababu ya lile sharti: kila kilicho kushoto ni kidogo na kinaandikwa kabla, kila kilicho kulia ni kikubwa na kinaandikwa baadaye. Kwa hiyo ndio kipimo cha uhakika cha kujua kama mti ni halali. Tuseme mtu ameiweka 45 kulia kwa 32. Ukimwangalia mtoto na mzazi tu, hakuna tatizo, maana 45 ni kubwa kuliko 32. Lakini mpitio wa kati utasoma 10, 25, 32, 45, 40, na namba zimeshuka. 45 imekaa kwenye ukoo wa kushoto wa 40, mahali isiporuhusiwa. Anayeitafuta 45 kuanzia mzizini atakwenda kulia, asiione, na aambiwe haimo ilhali imo.

Mipitio mingine miwili ina kazi zake. Mpitio wa awali unahifadhi umbo: ukiziingiza namba kwenye mti mtupu kwa mfuatano wa mpitio wa awali, utapata mti uleule, kwa kuwa kila mzazi anaingia kabla ya watoto wake. Mpitio wa mwisho unafaa kwa kuubomoa mti kwenye lugha kama C, ambako mwandishi wa programu anarudisha kumbukumbu mwenyewe. Watoto wanaondolewa kabla ya mzazi, la sivyo ukimwondoa mzazi kwanza unapoteza njia ya kuwafikia watoto.

Mpitio wa kati, kwa upande wake, hausemi lolote kuhusu umbo. Mti wenye ngazi tatu na ule wenye ngazi saba, kama vina namba zilezile, vinatoa mpitio wa kati uleule kabisa. Likumbuke hili, kwa sababu ndilo litakalotupa ruhusa ya kuusawazisha mti.

Mti unapogeuka mnyororo

Gharama ya kutafuta au kuingiza hupimwa kwa kimo cha mti, kwa sababu kila hatua inashuka ngazi moja. Hapa nahesabu kimo kwa ngazi, kwa hiyo mti wa nodi moja una kimo cha 1. Vitabu vingine huhesabu vijia baina ya nodi, na kwao mti huo una kimo cha 0. Kwenye mtihani, soma kwanza swali linatumia hesabu ipi.

Ngazi ya kwanza inabeba nodi 1, ya pili 2, ya tatu 4, na kila inayofuata inabeba mara mbili ya iliyotangulia. Ngazi 20 zikijaa zinabeba nodi 1,048,575. Kwa maneno mengine, namba milioni moja zinaweza kukaa kwenye mti ambao hutafutwi zaidi ya hatua 20. Hiyo ndiyo sifa ambayo watu huisema wanapoutaja mti huu, lakini ni sifa ya mti uliojaa vizuri. Kanuni ya kuingia haiahidi hivyo.

Ingiza 10, 25, 32, 40, 50, 60, 75 kwa zamu hiyo. Kila namba mpya ni kubwa kuliko zote zilizotangulia, kwa hiyo inashuka kulia hadi mwisho. 75 inalinganishwa na namba sita kabla ya kukaa. Jumla ya ulinganisho wa kuujenga mti huu ni 0+1+2+3+4+5+6, yaani 21. Mti wa kwanza ulijengwa kwa ulinganisho 10. Kwa namba saba tofauti hiyo haimkeri mtu. Kwa namba milioni moja zilizokuja zimepangwa, ujenzi unahitaji ulinganisho karibu bilioni 500, na kuitafuta namba ya mwisho kunapita kwenye nodi zote milioni.

Mtu anaweza kudhani hili ni jambo la nadra. Kwa kweli ndilo la kawaida. Namba za watahiniwa, tarehe za miamala, namba za risiti: zote huzaliwa zikipanda, na faili nyingi hufika kwenye programu zikiwa zimeshapangwa. Anayejaribu programu yake kwa namba za kubahatisha hataliona tatizo, kwani zamu ya kubahatisha kwa kawaida hutoa mti unaokubalika. Kwa namba milioni moja, wastani wa kina cha nodi ni hatua zipatazo 25. Siku anapoleta orodha iliyopangwa, mambo yanabadilika. Kwa msimbo ule wa Python dalili huja mapema: kikomo cha kawaida cha kazi kujiita yenyewe ni 1000, kwa hiyo orodha iliyopangwa ya namba elfu chache itasimama na ujumbe wa `RecursionError`. Katika lugha nyingine programu hupungua kasi kidogo kidogo, na kila ukiongeza data maradufu, muda wa kuujenga mti unaongezeka mara nne.

Kuzungusha bila kuvuruga

Mwaka 1962 wanahisabati wawili wa Muungano wa Kisovyeti, Georgy Adelson-Velsky na Evgenii Landis, walichapisha njia ya kuuzuia mti usiharibike hivyo. Mti wao unaitwa AVL, kwa herufi za majina yao. Masharti yake ni mepesi: kwa kila nodi, kimo cha upande wa kushoto na kimo cha upande wa kulia visitofautiane kwa zaidi ya 1. Namba inaingia kama kawaida. Kisha unarudi juu kwa njia uliyoshukia, ukikagua kila nodi. Ukikuta tofauti ya 2, unaizungusha nodi hiyo.

Tuurudie ule mfuatano mbaya. Inaingia 10, kisha 25, kisha 32. Sasa 10 haina kitu kushoto, na kulia kuna ngazi mbili. Tunazungusha kushoto: 25 inapanda juu, 10 inashuka kuwa mtoto wake wa kushoto, 32 inabaki kulia. Inaingia 40, chini ya 32. Hakuna tofauti inayozidi 1. Inaingia 50, chini ya 40. Tukirudi juu, 40 iko salama, lakini 32 ina 0 kushoto na 2 kulia. Tunaizungusha: 40 inapanda, ikiwa na 32 kushoto na 50 kulia.

Inaingia 60, kulia kwa 50. Tukipanda, 50 ina 0 na 1, 40 ina 1 na 2, zote zinaruhusiwa. Tunafika mzizini: 25 ina 1 kushoto na 3 kulia. Tunaizungusha kushoto. 40 inapanda kuwa mzizi na 25 inakuwa mtoto wake wa kushoto. Lakini 40 ilikuwa tayari na mtoto wa kushoto, 32. Ataenda wapi? 32 ni kubwa kuliko 25 na ndogo kuliko 40, na nafasi ya kulia kwa 25 sasa iko wazi, kwa kuwa ndipo 40 ilipokuwa. Basi 32 inahamia huko. Ukisoma mpitio wa kati kabla na baada, unapata 10, 25, 32, 40, 50, 60 mara zote mbili. Hapa ndipo tunapoona kwa nini kuzungusha ni halali: umbo limebadilika, mpangilio haukuguswa.

Mwisho inaingia 75, chini ya 60. Nodi 50 ina 0 kushoto na 2 kulia. Tunaizungusha, 60 inapanda na kubeba 50 na 75. Chora ulichonacho: 40 juu, 25 na 60 chini yake, kisha 10, 32, 50 na 75. Ni mti uleule tulioupata kwa zamu ya kwanza. Zamu iliyokuwa mbaya kuliko zote, kwa mizunguko minne, imetufikisha kwenye umbo zuri kuliko yote.

Kuna hali moja inayowanasa watahiniwa. Ingiza 10, kisha 32, kisha 25. Nodi 10 imelemea kulia, lakini 25 iko kushoto kwa 32, kwa hiyo njia imepinda. Ukizungusha 10 kushoto mara moja, 32 inapanda, 10 inakuwa kushoto kwake na 25 kulia kwa 10. Mti sasa umelemea kushoto kwa kiasi kilekile. Dawa yake ni kuzungusha mara mbili: kwanza 32 kulia, ili 25 ipande na njia inyooke, kisha 10 kushoto. Kabla ya kuzungusha, basi, angalia hatua mbili za kwanza kutoka nodi iliyolemewa kuelekea namba mpya. Zikiwa upande mmoja, mzunguko mmoja unatosha. Zikipinda, unahitaji miwili.

Kwa nini kimo hakiwezi kukua sana

Sharti la AVL linaruhusu mti usiojaa, kwa hiyo ni haki kuuliza: tofauti ndogo ndogo za ngazi moja moja haziwezi kujilimbikiza hadi mti uwe mrefu? Jibu linapatikana kwa kugeuza swali. Badala ya kuuliza mti wa nodi fulani unaweza kuwa mrefu kiasi gani, uliza mti wa kimo fulani unaweza kuwa na nodi chache kiasi gani.

Mti wa AVL wenye kimo h, ukiwa na nodi chache iwezekanavyo, una mzizi, upande mmoja wenye kimo h−1, na upande wa pili wenye kimo h−2, kwa kuwa sharti haliruhusu ufupi zaidi ya hapo. Basi:

```
N(h) = 1 + N(h-1) + N(h-2)
```

Kimo cha 1 kinahitaji nodi 1, kimo cha 2 kinahitaji 2, kimo cha 3 kinahitaji 4, kisha 7, 12, 20, 33. Kwa kuwa N(h−1) haiwezi kuwa ndogo kuliko N(h−2), N(h) ni zaidi ya mara mbili ya N(h−2). Yaani kila ukitaka kuongeza ngazi mbili, ni lazima uwe na zaidi ya nodi maradufu. Maradufu hukua haraka, na mti unaishiwa nodi kabla haujafika mbali. Ukiendeleza hesabu hiyo, kimo cha 28 kinahitaji angalau nodi 832,039, na kimo cha 29 kinahitaji angalau 1,346,268. Kwa hiyo mti wa AVL wenye namba milioni moja hauwezi kuzidi ngazi 28, ziingie kwa zamu yoyote ile. Uliojaa kikamilifu una 20. Mnyororo una milioni.

Ulinzi huo una bei. Kila nodi inatunza kimo chake, na kila uingizaji unafuatwa na ukaguzi wa njia ya kurudi. Lakini katika kuingiza, kusawazisha nodi moja, kwa mzunguko mmoja au miwili, kunatosha kuurudisha mti wote kwenye sharti. Kufuta namba ndiko kunakoweza kudai mizunguko kwenye nodi kadhaa hadi mzizini. Miti mingine, kama mti mwekundu-mweusi unaotumika ndani ya `TreeMap` ya Java, inalegeza sharti kidogo: kimo kinaweza kukaribia mara mbili ya kile cha mti uliojaa, na kwa kubadilishana na hilo mizunguko hupungua wakati wa kufuta.

Kwa hiyo swali la mtihani likikuomba useme gharama ya kutafuta kwenye mti wa utafutaji wa binari, usikimbilie kuandika `O(log n)`. Kama swali halikusema mti umesawazishwa, jibu la hali mbaya kabisa ni `O(n)`, na mfano wa kuonyesha ni namba zilizoingia zikiwa zimepangwa. Kama umesawazishwa, andika `O(log n)`, na sababu yake iwe ile hesabu ya maradufu: kila ngazi mbili zinadai zaidi ya nodi maradufu.